Beki wetu mpya tulimpa jina la Jadak, sasa hasemi na mtu

Kwako Mwalimu,

Natumai u mzima. Mimi ni nahodha wa timu ya mtaa hapa Kisumu, nina miaka 27. Tunacheza ligi ya chini na wengi wetu tumekua pamoja. Chumba chetu cha kubadilishia nguo ni darasa la shule ya jirani, na humo ndimo utani wetu unapopikwa. Kila mtu ana jina lake. Kipa ni Chapati, kwa sababu kabla ya mechi moja kule Siaya alikula chapati saba akashindwa kuruka. Mimi ni Karai, kwa sababu penalti yangu ilipita juu ya goli ikaangukia karai la mama wa mandazi.

Miezi mitatu iliyopita tulipata beki wa kushoto, kijana wa miaka 19 kutoka Nakuru aliyekuja kusoma chuo. Mpira anaujua, Kijaluo hajui. Siku ya pili straika wetu alimwita Jadak, yaani mkaaji wa muda kwenye ardhi ya wenyewe, na jina likashika. Alicheka pamoja nasi kwa sababu hakujua maana. Baadaye kuna mtu alimweleza.

Tulipotoka sare Homa Bay, tukiwa kwenye matatu, alimtania straika juu ya penalti aliyokosa. Straika akamjibu, "Wewe umekuja juzi, unajua nini?" Gari likanyamaza. Tangu siku hiyo kijana anafika uwanjani akiwa amevaa jezi tayari, na mazoezi yakiisha anaondoka bila kukaa. Kwenye duara la pasi karibu kila mara yeye ndiye yuko katikati akiufukuza mpira. Jumapili tulifungwa bao la pili upande wake. Winga wao alipita nyuma ya winga wetu, na beki huyu hakumwita wa kwetu arudi. Kocha alimfokea sana.

Nimewaambia wenzangu tumezidisha. Wanasema sote tulipitia hayo, na tukiacha kumtania ndipo atajua hatumtaki. Kocha anasema atazoea. Nifanye nini bila kuua utani unaotuunganisha?

Nahodha, Kisumu

Mwanangu nahodha,

Wenzako wana haki kwa jambo moja, nami nitaanza nalo. Timu isiyotaniana ni timu ya watu wanaoogopana. Nilicheza voliboli miaka mingi huku Magharibi mwa Kenya, nikafundisha mingine mingi, na vikosi vilivyonipa raha vyote vilikuwa na kelele na vicheko kabla ya mechi. Mchezaji mpya anayeongeleshwa kwa adabu tupu, "karibu" na "samahani" kila dakika, anajua vizuri kwamba bado ni mgeni. Mgeni ndiye anayepewa kiti kizuri sebuleni wakati wenye nyumba wanacheka jikoni. Kwa hiyo usiwaendee wenzako ukiwaambia waache utani. Hawatakusikia, na hata wakikusikia, kijana atazidi kuwa peke yake.

Lakini utani una kanuni yake, na wewe uliyekulia Kisumu umeiona tangu utotoni. Tazama Gor Mahia na AFC Leopards. Leopards walianza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, Gor wakaja 1968, na mechi yao watu wakaiita ya mashemeji kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana vya kutosha. Wiki ya mechi hiyo mtu humwambia shemeji yake maneno ambayo yakitoka kinywani mwa mpita njia yangeleta ngumi. Shemeji anayavumilia, tena anayasubiri, kwa sababu anajua zamu yake itafika. Leo amechekwa, msimu ujao atacheka yeye, na hakuna atakayemuuliza amepata wapi ruhusa.

Mtaalamu wa mila za watu, Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, aliandika juu ya utani wa namna hii mwaka 1940 akitumia mifano mingi ya Afrika. Alieleza kuwa ni uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na mara nyingine anatakiwa na mila, kumkejeli mwenzake, naye mwenzake anatakiwa asikasirike. Alisema unaota pale watu wanapounganishwa na kutenganishwa kwa wakati mmoja, kama vile wakwe na mashemeji: ndoa imewaleta pamoja, lakini kila mmoja ana ukoo wake. Tena akatenganisha aina mbili. Kuna utani wa pande zote mbili, na kuna utani ambao mmoja anakejeli na mwingine anapokea tu, au anajibu kidogo sana.

Mchezaji mpya ni shemeji mtupu. Jezi imemleta kwenu, kumbukumbu zenu hana. Swali la kumuuliza nahodha yeyote, basi, ni dogo: huyu mpya wenu yuko kwenye utani wa aina gani kati ya hizo mbili? Ukali wa maneno hautakupa jibu. Nimeona wasichana wakiambiana mambo ya kutisha kabla ya mechi kisha wakafungana viatu, na nimeona neno laini kabisa likimtoa mtu kwenye timu.

Ndiyo maana katika barua yako yote kilichonishtua kuliko hata lile jina ni maneno ya kwenye matatu. Fikiria kijana alikuwa anafanya nini siku ile. Kwa muda wote tangu afike alikuwa anapokea. Jina amepokea, vicheko amepokea, maana ya jina ameletewa na mtu mwingine naye akaimeza. Kisha safari ya kutoka Homa Bay akajaribu kutoa. Na angalia alichochagua: penalti iliyokosewa saa chache zilizopita, mbele ya kila mtu, jambo la mguu wa mtu na wala si la kwao wala la wazazi wake. Huyo ni kijana mwenye akili ya utani. Alikuwa anawaambia kwa lugha yenu wenyewe, nimekubali kuchekwa, sasa niko ndani. Straika angemjibu kwamba krosi zake yeye zinaishia kwenye maji ya ziwa, gari lingecheka, na leo hungekuwa unaniandikia. Badala yake aliambiwa tarehe yake ya kufika. Kila aliyekuwa ndani ya gari akasikia sheria mpya, kwamba huyu anataniwa lakini hatanii. Na ule ukimya ndio uliopiga muhuri. Mwanangu, nakwambia kwa upendo, ukimya huo ulikuwa na wewe ndani yake.

Sasa jina. Chapati na Karai ni majina ya kuchekesha, lakini kila moja limebeba siku ambayo mlikuwa pamoja. Mtu akiuliza mbona kipa anaitwa Chapati, anapewa hadithi, na ndani ya hadithi mko ninyi nyote: Siaya, sahani, goli lililofungwa. Jina la namna hiyo ni kama ufunguo, anayelibeba amekwisha kuingia. Jadak limebeba nini? Unajua kuliko mimi. Ni mtu aliyekaribishwa kukaa kwenye ardhi ya wenyewe, analima, anajenga, watoto wake wanazaliwa hapo, lakini ardhi si yake na siku wakiamua anaweza kuambiwa aondoke. Hakuna hadithi ya pamoja ndani ya jina hilo. Kila mkimpigia pasi na kumwita, mnamkumbusha kwamba hapa si kwao.

Na kijana huyu ametoka Nakuru. Kwa umri wake alikuwa mtoto mchanga au hajazaliwa wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, lakini waliomlea walikuwepo. Januari 2008 watu walifukuzwa majumbani mwao Nakuru, na Kisumu pia, kwa sababu tu majirani waliwaona si wa pale. Maneno kama mgeni na madoadoa hayakuwa mzaha siku hizo. Kwa mtu aliyelelewa na wazazi waliopita humo, kuambiwa kwamba yeye ni mkaaji wa muda si kichekesho cha darasani, hata likisemwa kwa tabasamu na mtu anayempenda.

Simwoni straika wako kuwa mtu mbaya. Mwaka 2006 Justin Kruger na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti juu ya jambo hili hili. Waligundua kwamba anayetania huuona utani wake kuwa mwepesi kuliko anavyouona anayetaniwa, kwa sababu mtaniaji anaijua nia yake mwenyewe, naye mtaniwa hana njia ya kuiona nia hiyo. Anachopata ni maneno tu. Kwa hiyo straika akisema "sikumaanisha vibaya", anasema kweli kabisa, na ukweli huo haumsaidii beki hata kidogo. Kama mna kikundi cha WhatsApp, huko ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna sauti wala uso wa kuonyesha mzaha, na maneno yanabaki pale mtu ayasome tena saa sita usiku akiwa peke yake chumbani.

Nikupe la kwangu, kwa sababu bado linaniuma. Nilipokuwa nahodha tulipata seta mpya, yule anayemwinulia mpira mpigaji. Alikuwa na lafudhi ya mbali, nasi tukawa tunaiga kila neno analosema. Akisema "mpira" tunarudia, akisema "yangu" tunarudia. Alicheka wiki mbili za kwanza. Kisha akawa hasemi. Sasa kwenye voliboli, mpira ukianguka kati ya watu wawili, lazima mmoja aite "yangu!" na mwingine akae mbali. Mipira ikaanza kuanguka katikati yetu, watu wawili wanatazamana, mpira unadunda chini. Tulisema hana uwezo. Aliondoka msimu ulipoisha. Mwaka uliofuata tulikutana naye upande wa pili wa wavu, akiwa na timu nyingine, na mechi nzima sikusikia sauti nyingine isipokuwa yake. "Yangu! Yangu! Acha, yangu!" Kila mpira. Nilisimama pale nikaelewa kwamba sauti ile alikuwa nayo siku zote, na sisi ndio tuliokuwa tumeizima.

Rudi sasa kwenye bao la Jumapili. Beki wa kushoto anaona uwanja wote mbele yake, winga wake anaona sehemu tu. Kazi yake nusu ni miguu, nusu ni mdomo. Lazima amwamrishe mtu aliye mbele yake, "rudi", "mgongoni", "ingia ndani", na mara nyingi huyo wa mbele ni mkubwa kwa umri na wa zamani kwenye timu. Kuamrisha mkubwa wako kwa sauti ya juu kunahitaji uamini kwamba una haki hiyo. Kijana wako aliambiwa kwenye matatu kwamba hana. Unadhani angeitoa wapi uwanjani? Kocha akimfokea kwa kutoita, anafokea moshi na moto ameuacha. Mpelekee maelezo haya, ya bao, kwa sababu makocha wengi husikia habari za bao upesi kuliko habari za moyo.

Na hilo duara la pasi nataka ulitazame kwa macho mapya. Kuna mtafiti wa Kimarekani, Kipling Williams, ambaye alikuwa amekaa bustanini na mbwa wake, watu wawili wasiomjua wakawa wanarushiana kisahani, kikaangukia karibu naye. Akawarudishia, wakamrushia tena, wakacheza watatu kwa muda mfupi. Kisha wale wawili wakaacha kumrushia, bila neno baya wala sababu. Alishangaa jinsi alivyoumia kwa kuachwa na watu ambao hakuwajua dakika tano zilizopita. Akalifanya hilo kuwa jaribio: watu watatu chumbani, mpira unarushwa, kisha wawili wanamwacha mmoja. Dakika chache zinatosha kumfanya mtu ajione hana nafasi pale. Sasa wewe una kijana ambaye hupitia hali kama hiyo kila siku ya mazoezi.

Mpya kuanzia katikati si kosa, timu nyingi hufanya hivyo. Shida ni anavyobaki humo. Mazoezi yajayo simama kando, usiseme kitu, uhesabu. Akiunasa mpira, aliyeupoteza anaingia kweli, au kunazuka mabishano na yeye anarudishwa? Akiwa nje, anapigiwa pasi safi, au anapigiwa ile ya goti, yenye nguvu nyingi, ili aikose na watu wacheke? Hesabu pia utani wa siku nzima: mara ngapi amechekwa, mara ngapi amejaribu kusema kitu, na kila alipojaribu kilifuata nini. Kicheko? Jibu? Ukimya? Ukipata kwamba amechekwa mara tisa na hakusema kitu hata mara moja, una jibu la kuwapa wanaokuambia kwamba unamhurumia bure.

Wakikuambia "sote tulipitia", wakubalie, kisha uulize wako wapi waliopitia wakaondoka. Kila timu ina watu wawili watatu waliocheza msimu mmoja wakapotea, na tukasema hawakuwa na moyo. Hao hawamo kwenye matatu kutoa ushahidi wao. Na ninyi mlipopitia mlikuwa watoto wa mtaa mmoja, jioni mlirudi nyumbani kwa njia moja, mkapatana kabla ya kufika. Yeye jioni anarudi peke yake kwenye chumba cha kupanga.

Basi fanya hivi, na ufuate mpangilio huu.

Anza na straika, na iwe faragha. Mkishamaliza mazoezi, tembea naye. Usimwambie "umemuumiza", kwa sababu atajitetea kwa nia yake, na nia yake ni safi, mtazunguka hapo mpaka usiku. Mwambie unahitaji beki anayepiga kelele, na kwamba tangu Homa Bay huna. Mwambie jina lile limekufa leo na kwamba yeye aliyelizaa ndiye atakayelizika. Si kwa hotuba. Aache tu kulitumia, na mtu akilitumia mbele yake asicheke. Jina la utani hufa njaa likikosa kicheko cha aliyelitunga. Wala msimtungie jingine haraka. La kweli litakuja lenyewe siku atakapofanya jambo la ajabu mbele yenu, na siku hiyo mtalijua.

Mazungumzo ya hadhara usiyafanye. Najua utashawishika kuitisha kikao darasani na kusema tumkaribishe ndugu yetu. Atakaa pale akitazama sakafu, na kuanzia hapo watu watamwogopa kama yai. Huo ni ukuta mwingine, wa upole.

Kisha mwendee kijana mwenyewe, mkiwa wawili. Usimuulize kama amekasirika. Kila mwanamume wa miaka 19 atasema hapana. Sema wewe ulichofanya: "Siku ile kwenye gari ulisema jambo la haki na mimi nahodha nikanyamaza. Nilikosea." Halafu muulize anataka kuitwa nani. Usingoje akushukuru wala akufungulie moyo. Sema, nyamaza, mpe maji, endeleeni na mengine.

Baada ya hapo mpe silaha. Najua timu kama zenu huwa na faini, shilingi ishirini kwa kuchelewa, shilingi kumi kwa kusahau soksi. Kama hamna, anzisheni. Mfanye yeye kuwa mkusanyaji na msomaji wa faini kila Alhamisi, na siku ya kwanza hakikisha wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha, kwa kosa la kweli. Kazi hiyo inampa ruhusa ya kusimama mbele ya wakubwa na kusema makosa yao kwa sauti, na wao kulipa wakicheka. Kwenye timu yangu ya mwisho nilimpa kazi hiyo msichana mdogo kuliko wote, na ndani ya mwezi mmoja alikuwa anampigia kelele mchezaji wa kati mwenye watoto watatu arudi kwenye nafasi yake. Ruhusa ya mdomo ikishapatikana darasani, hufika uwanjani bila kufundishwa.

Kijaluo msikiache. Ni lugha yenu na utani una ladha kwa lugha ya mama. Ila mzingatie kitu kimoja: kicheko kikilipuka na yeye hajaelewa, mtu aliye karibu naye amtafsirie papo hapo, hata kama tafsiri haichekeshi. Mpeni Chapati kazi hiyo, kipa na beki wanahitaji kusikilizana hata hivyo. Na mfundisheni maneno ya kujibu kabla ya maneno ya heshima. Mtu akijua kusema sentensi moja ya kumrudishia mtani wake kwa Kijaluo, hata ikitoka imepinda, hilo litavunja darasa zima kwa kicheko, na safari hii kicheko kitakuwa kazi ya mikono yake.

Kazi za mchezaji mpya, kubeba mipira, koni na mtungi wa maji, hazina ubaya zikiwa na mwisho unaojulikana. Mwambie mwisho wake: mpaka atakapokuja mwingine, au mpaka raundi ya kwanza iishe. Kisichojulikana mwisho kinageuka kuwa utumishi. Na ukiona kimevuka hapo, mtu analazimishwa kuwafulia wengine jezi, anafichiwa nguo akiwa hajavaa, anapigwa picha bila shati na kutumwa kwa watu, hilo halina jina la utani. Siku hiyo hiyo peleka kwa kocha na viongozi, wala usianze kupima nani alimaanisha nini.

Utajuaje kwamba mambo yanageuka? Usitazame kama anacheka. Alicheka hata siku ya kupewa lile jina. Tazama begi lake. Siku atakapokuja na jezi ndani ya begi badala ya mwilini, avue viatu na kukaa kwenye dawati akivaa taratibu pamoja nanyi, hapo amerudi. Inaweza kuchukua wiki sita, inaweza kuchukua zaidi, maana aliyenyamazishwa mara moja hupima maji kwa kidole kabla ya kuingia tena.

Na atapima kwako kwanza, si kwa straika. Siku moja, pengine njiani mkirudi kutoka mechi, atasema kitu kidogo juu ya Karai na yule mama wa mandazi, kwa sauti ya chini, akitazama dirishani kana kwamba hasemi na mtu. Una kama sekunde mbili kabla gari halijanyamaza. Cheka kwa sauti, kisha mrudishie juu ya krosi zake.

Mwalimu